Kwa nini presi ya C hufunguka mdomo: hesabu ya mgongo wa fremu

Chukua pleti mbili za chuma laini, kila moja unene wa milimita 25 na upana wa milimita 150. Zibane pamoja, uzishike ncha zote mbili, uzivute zikiwa zimenyooka. Zitahimili karibu tani 187 kabla chuma hakijaanza kulegea, yaani kurefuka bila kurudi. Sasa kata pleti zilezile umbo la C, zifanye fremu ya presi, uweke jeki sentimita 20 mbele ya mgongo. Zitaanza kulegea kwenye tani 15 na ushee. Chuma ni kilekile, unene uleule, hakuna tundu wala ufa. Kilichobadilika ni njia ambayo kani inapita.

Tofauti hiyo ya mara 12 haionekani kwa macho, ndiyo maana presi nyingi za kujitengenezea zinachongwa kwa kukadiria. Ukipita Unga Limited hapa Arusha, kwenye gereji zinazohudumia magari ya watalii, utaziona. Gari likitoka Ngorongoro au Tarangire na bushi zimekwisha, bushi ya zamani lazima isukumwe nje, na baada ya miezi ya vumbi na maji ya mitoni huwa imeng'ang'ania kwa kutu. Nyundo inaumiza macho ya springi. Presi ya kununua ina bei yake. Basi fundi anatafuta pleti kwenye chuma chakavu, anaikata kwa gesi, anasimamisha jeki ya chupa ya tani 10, na kazi inaanza.

Wengi wanapenda umbo la C kuliko fremu ya nguzo mbili kwa sababu C iko wazi pande tatu. Kitu kirefu au chenye pembe za ajabu kinaingia bila kugombana na nguzo. Uwazi huo una gharama yake, na gharama yote inalipwa na mgongo, yaani kile kipande cha wima kinachounganisha mkono wa juu na mkono wa chini, nyuma ya koo la fremu.

Kata fremu kwa mawazo

Niliwahi kumuuliza fundi mmoja amejuaje kwamba pleti yake inatosha. Akapiga mgongo wa fremu kwa kiganja. "Mzee wangu, hii ni milimita 25 mara mbili. Hata trekta haiikati." Kwa kuvuta moja kwa moja, hajakosea. Hata trekta kadhaa hazitaikata. Ila jeki ndani ya C haivuti mgongo moja kwa moja.

Njia rahisi ya kuona kinachotokea ni kuukata mgongo kwa mawazo, katikati ya urefu wake, kwa mstari wa mlalo. Sasa una vipande viwili, cha juu na cha chini. Tazama cha juu peke yake. Jeki imesimama kwenye mkono wa chini, inasukuma bushi juu, nayo bushi inagota kwenye mkono wa juu. Kwa hiyo kipande cha juu kinasukumwa juu kwa tani 10. Kwa nini hakiruki kwenda darini? Kwa sababu chuma pale tulipokata kinakishikilia. Kazi ya kwanza ya mgongo ni hiyo, kuvuta chini kwa tani 10 zilezile. Huu ndio mvuto wa moja kwa moja, na kama ungekuwa ndio mzigo wote, fundi wetu angelala usingizi mzuri.

Lakini angalia kani hizo mbili zilipo. Jeki inasukuma juu kwa mbele, mgongo unavuta chini kwa nyuma. Kani mbili zilizo sawa, zenye mielekeo kinyume, zisizo kwenye mstari mmoja, hukizungusha kitu. Kipande cha juu kinataka kubinuka kurudi nyuma, mdomo wa C ufunguke. Chuma pale kwenye mkato lazima kizuie na huko kubinuka. Ukubwa wa kubinua unaitwa momenti, nayo hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali kati ya mistari miwili: mstari wa jeki, na mstari unaopita kitovu cha mkato wa mgongo.

Hapo kwenye umbali ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia. Mtu anapima kutoka kwenye jeki hadi ukingo wa ndani wa mgongo, kwa sababu ndiko futi kamba inakofika bila shida. Anapata milimita 200. Lakini kani ya mgongo haikai ukingoni, imesambaa kwenye upana wote, na kwa mkato wa mstatili kitovu chake kiko katikati. Mgongo una kina cha milimita 150, kwa hiyo lazima uongeze nusu yake, milimita 75. Umbali wa kweli ni 275. Aliyetumia 200 ameiacha zaidi ya robo ya momenti nje ya daftari.

Hesabu yenyewe

Mkazo ndani ya chuma ni kani inayobebwa na kila milimita mraba. Kwa mgongo wa presi una sehemu mbili, mmoja wa kuvutwa na mwingine wa kupindwa, na kwenye ukingo wa ndani sehemu hizo zinajumlishwa:

```
f = F/A + F·e/Z
```

Hapo f ni mkazo, F ni kani ya jeki, A ni eneo la mkato, e ni ule umbali hadi kitovu, na Z ni kipimo cha uwezo wa mkato kupinga kupindwa. Kwa mstatili, Z ni unene mara kina mara kina tena, gawanya kwa 6. Kina kinaingia mara mbili. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Tani 10 ni nyutoni 98,100. Tuifanye 100,000 ili tusihangaike. Pleti mbili zina unene wa jumla wa milimita 50 na kina cha milimita 150, kwa hiyo eneo ni milimita mraba 7,500. Mvuto wa moja kwa moja ni 100,000 gawanya kwa 7,500, yaani nyutoni 13 na kidogo kwa kila milimita mraba. Chuma laini cha kawaida huanza kulegea karibu na 250. Ukiishia hapa unajiona una akiba ya mara 18.

Sasa kupindwa. Momenti ni 100,000 mara 275, yaani nyutoni-milimita milioni 27.5. Z ni 50 mara 150 mara 150, gawanya kwa 6, unapata 187,500. Gawanya milioni 27.5 kwa 187,500, jibu ni karibu 147. Mkazo wa kupindwa umekuwa mara 11 ya ule wa kuvutwa.

Kwenye ukingo wa ndani, ule unaotazama jeki, kupindwa kunakivuta chuma na mvuto wa moja kwa moja nao unakivuta. Unajumlisha: 13 na 147, jumla 160. Kwenye ukingo wa nje, mgongoni kabisa, kupindwa kunakigandamiza chuma huku mvuto ukikivuta, kwa hiyo vinapunguzana: 147 toa 13, kinabaki 134 cha mgandamizo. Fremu ileile, wakati uleule, mbele inavutwa na nyuma inabanwa.

Akiba ya kweli basi ni 250 gawanya kwa 160, mara moja na nusu na chembe, wala si mara 18. Kwa pleti ya chuma chakavu ambayo hakuna anayejua ilitoka kiwanda gani, mimi singeivusha nusu ya mkazo wa kulegea, yaani 125. Kwa kipimo hicho fremu hii ya tani 10 haijafaulu, ingawa ukiiona imesimama pale gerejini inaonekana ya kubebea meli.

Na kama fundi angetumia pleti moja badala ya mbili? Kila namba inazidishwa mara mbili, na ukingo wa ndani unafika 320. Hapo chuma kimeshalegea kabla jeki haijamaliza kazi. Matokeo ni yaleyale kwa aliyeweka jeki ya tani 20 kwenye fremu ya pleti mbili, jambo ambalo hutokea bila mtu kudhani amebadilisha chochote cha maana. Jeki ya zamani imevuja, ya tani 20 iko kabatini, inaenea palepale.

Mstari usio na mkazo

Kama ndani kunavutwa na nje kunabanwa, lazima pawe na mahali katikati ambapo chuma hakivutwi wala hakibanwi. Wengi wanadhani ni katikati kabisa ya mgongo. Ingekuwa hivyo kama kungekuwa na kupindwa peke yake. Mvuto wa moja kwa moja umeongezwa kila mahali, kwa hiyo mstari huo umesogea kidogo kuelekea nje. Kwenye fremu yetu umesogea karibu milimita 7, uko milimita 82 kutoka ukingo wa ndani.

Hili lina matumizi ya moja kwa moja. Fundi anataka kutoboa mgongo apitishe bolti za kubana pleti mbili pamoja, au afunge ndoano ya mpini wa jeki. Akitoboa karibu na mstari huo, tundu linakula chuma ambacho hakikuwa na kazi kubwa. Akitoboa milimita 20 kutoka ukingo wa ndani, kwa kuwa hapo drili inafika vizuri, amechimba shimo kwenye chuma kinachofanya kazi kuliko chote, na pembeni mwa tundu la duara kwenye chuma kinachovutwa mkazo huruka hadi karibu mara tatu. Bolti ni ileile, drili ileile, tofauti ni sentimita sita.

Chuma cha nyongeza kiwekwe wapi

Fundi akishaambiwa fremu yake haitoshi, jambo la kwanza analofikiria ni kuongeza pleti ya tatu ubavuni. Inasaidia. Unene unakuwa 75, kila kitu kinagawanywa upya, na mkazo wa ndani unashuka kutoka 160 hadi karibu 107. Ameongeza nusu ya chuma cha mgongo kupata hilo.

Sasa mwache abaki na pleti mbili, ila azikate na mgongo wenye kina cha milimita 200 badala ya 150. Umbali hadi kitovu unaongezeka kwa sababu kitovu kimerudi nyuma: 200 na 100 ni 300. Momenti inapanda hadi milioni 30. Mtu anaweza kuogopa hapo, akadhani amejiongezea tatizo. Lakini Z imekuwa 50 mara 200 mara 200 gawanya kwa 6, yaani karibu 333,000, na mkazo wa kupindwa umeshuka hadi 90. Mvuto wa moja kwa moja ni 10. Jumla ni 100. Kwa kuongeza theluthi moja tu ya chuma amepata nafuu kuliko yule aliyeongeza nusu, na sasa yuko chini ya 125.

Ndiyo kazi ya kile kina kinachoingia mara mbili. Momenti ilipanda kwa asilimia 9, uwezo wa kupinga ukapanda kwa asilimia 78. Kuna mpaka, bila shaka, maana pleti nyembamba yenye kina kirefu inaweza kujikunja upande wa nje unaobanwa, kama bati linavyojikunja ukilisukuma kwa ukingo. Kwa pleti za milimita 25 hilo haliko karibu. Kwa fremu iliyoundwa kwa bati la milimita 6 liko karibu sana, na ndiyo sababu pleti mbili za pembeni hufungwa pamoja kwa vipande vya katikati, zisiachwe kila moja ijitegemee.

Kina kinaleta faida nyingine ambayo hesabu ya mkazo haiionyeshi. Fremu ya C ikibeba mzigo haitanuki tu, inafunguka kwa pembe. Mikono miwili iliyokuwa sambamba inaachana kwa mbele. Kwa mgongo wa kina cha 150 wenye urefu wa milimita 400, mgongo peke yake unafungua mdomo karibu milimita 1.1 kwenye mstari wa jeki kwa tani 10, ukiacha kupinda kwa mikono yenyewe. Kwa kina cha 200, inabaki nusu yake. Milimita moja ni kitu kidogo kwa bushi ya mpira. Kwa bearing inayotakiwa kuingia wima ni balaa, kwa sababu kinachoiharibu ni ule mwinamo: inaanza kuingia upande mmoja, inakwaruza nyumba yake, na fundi anailaumu bearing kwamba ni feki. Fremu ya nguzo mbili nayo hutanuka ikibebeshwa mzigo, lakini mzigo ukiwa katikati nguzo zote mbili hurefuka sawasawa, kwa hiyo kitu hakiinami. Kwa kazi za kuingiza bearing mimi ningeachana na C hata kama mkazo wake uko salama.

Kona ya ndani

Hesabu yote ya hapo juu inadhani mgongo umenyooka. Katikati ya mgongo ulionyooka, inatosha. Matatizo huanza pale mgongo unapokutana na mkono, au pale koo lote lilipokatwa nusu duara.

Sehemu iliyopinda tangu mwanzo haigawi mkazo kama iliyonyooka. Nyuzi za chuma za upande wa ndani ni fupi kuliko za nje. Mkato ukizunguka kidogo, uzi mfupi na uzi mrefu zinaweza kulazimishwa kurefuka kiasi kimoja, lakini kwa uzi mfupi kiasi hicho ni sehemu kubwa zaidi ya urefu wake, kwa hiyo mkazo wake unapanda. Mjerumani Emil Winkler aliiweka hesabu hiyo sawa mwaka 1858, na bado ndiyo inayotumika kwa ndoano za kreni na fremu za C.

Kwa koo la duara lenye nusukipenyo cha milimita 75 na mgongo wa kina cha 150 unaofuata duara hilohilo, mkazo wa kupindwa kwenye ukingo wa ndani ni karibu mara moja na nusu ya ule unaopewa na fomula ya mstari ulionyooka. Nusukipenyo kikiwa milimita 50, ni mara 1.7. Kikiwa 25, ni zaidi ya mara mbili. Zile 147 zetu zinakuwa zaidi ya 300 bila mtu kugusa jeki. Kwa hiyo kona ya ndani inatakiwa iwe na mviringo mpana kadiri kazi inavyoruhusu. Kona iliyokatwa kwa gesi ikaachwa kali, yenye mikwaruzo ya moto, ndipo ufa utaanzia, na sijaona fremu ya C iliyopasuka ambayo ufa wake ulianzia mahali pengine kama mgongo haukuwa na tundu.

Kuna dawa moja maarufu ambayo inazidisha ugonjwa, nayo ni kuchomelea kibati cha pembetatu ndani ya kona ili kuiimarisha. Kibati kinaongeza chuma, kweli, lakini ncha yake inaishia kwenye ukingo unaovutwa kuliko sehemu zote, na mwisho wa mchomelo ni mahali penye mtaro mdogo na chuma kilichobaki kimejivuta chenyewe kilipopoa. Mkazo wa juu umehamishwa kutoka kwenye kona hadi kwenye mwisho wa mchomelo. Afadhali kuchukua grainda, kulainisha kona hadi iwe na mviringo safi, na kuongeza chuma kwa nyuma, kwenye kina. Ukiongeza kwa nyuma kitovu kinarudi nyuma kidogo na momenti inakua, lakini tumeshaona kwamba faida inaizidi.

Fremu inavyosema imechoka

Fremu ya chuma laini haivunjiki ghafla mara ya kwanza inapozidiwa. Ukingo wa ndani unalegea, chuma cha ndani zaidi kinapokea mzigo, na jeki ikishushwa mdomo unabaki umefunguka kidogo. Cha kushangaza, siku ya pili fremu inabeba mzigo uleule bila kulegea tena, kwa sababu ule ukingo uliorefuka sasa umeachwa umebanwa na majirani zake, na jeki lazima kwanza iondoe mbano huo. Mafundi husema imezoea. Imezoea kweli, ila mikono haiko tena sambamba, na kila mzigo unaendelea kuichosha kona.

Kujua kama imelegea hakuhitaji maabara. Piga alama mbili za senta panchi, moja kwenye ncha ya mkono wa juu na nyingine kwenye ncha ya mkono wa chini. Pima umbali kwa venia kabla ya mzigo, wakati wa mzigo, na baada ya kushusha. Ikiwa wakati wa mzigo imeongezeka milimita moja au mbili, hiyo ni tabia ya kawaida ya C. Ikiwa baada ya kushusha hairudi kwenye namba ya mwanzo, umevuka mpaka, na jeki hiyo haifai kwa fremu hiyo.

Njia nyingine ni ya zamani na mimi naipenda. Paka chokaa nyembamba ya maji kwenye ukingo wa ndani na kwenye kona, iache ikauke hadi iwe nyeupe kabisa, halafu bebesha fremu mzigo polepole. Chuma kikilegea, chokaa haiwezi kunyooka nacho. Itapasuka kwa mistari ya mshazari na kudondoka kwa vipande vidogo, ikianzia palepale ambapo hesabu ilisema. Kwa pleti mpya yenye gamba jeusi la kiwandani hata chokaa haihitajiki, gamba lenyewe linabanduka. Ukiona mistari hiyo usiifute na kupaka rangi kwanza. Chukua picha, kwa sababu ni ramani ya mkazo ambayo imechorwa na fremu yenyewe.

Ufa uliokwisha kuanza unatafutwa kwa mafuta ya taa. Safisha kona, paka mafuta ya taa, acha dakika kadhaa yapenye, futa uso ukauke vizuri, kisha paka chokaa. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatajitokeza na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye weupe. Mstari ukionekana kwenye kona ya ndani, presi isimame, hata kama bushi ya mteja imeshafika nusu. Kuuchomelea ufa kutoka juu bila kuuchimba wote kwa grainda ni kuufunika tu.

Klempu za chuma cha kalibu

Mambo ni tofauti kidogo kwa klempu ndogo za umbo la C ambazo maseremala wa Moshi na Arusha wanabania mbao. Nyingi za zamani ni za chuma cha kalibu, na chuma hicho kinavumilia kubanwa mara tatu hadi nne ya kinavyovumilia kuvutwa. Tena hakilegei kwanza. Kinakatika, paa.

Ndiyo maana mgongo wake haukuumbwa mstatili. Ukiutazama kwa mkato utaona herufi T, na kile kipande kipana cha T kiko upande wa ndani, unaotazama skrubu. Chuma kingi kikiwa ndani, kitovu kinasogea ndani, na hapo vitu viwili vinapungua kwa pamoja: umbali kutoka kwenye skrubu hadi kitovu, na umbali kutoka kitovu hadi ukingo unaovutwa. Mkazo wa kuvutwa unashuka. Mkazo wa kubanwa kule nyuma unapanda, lakini kule chuma cha kalibu kinaweza. Anayeigiza klempu hiyo kwa kuchomelea, akaweka kipande kipana kwa nje kwa sababu kinapendeza mkononi, amegeuza hesabu yote.

Kwa presi iliyopo tayari ambayo haitoshi na huna pleti ya kukata upya, kuna njia ya mwisho: fimbo za kufunga mdomo. Unaweka fimbo mbili za chuma zenye nyuzi, kulia na kushoto, zinazounganisha ncha ya mkono wa juu na ya mkono wa chini, mbele ya jeki, kisha unazikaza nati kabla ya kubebesha mzigo. Sasa jeki iko kati ya mgongo na fimbo, na sehemu kubwa ya kani inapita kwenye fimbo kwa mvuto mnyoofu, ule mvuto ambao chuma huubeba bila taabu. Mgongo unabaki na kiasi kidogo, na mdomo karibu haufunguki. Fimbo zisipokazwa kwanza, mgongo utapinda peke yake hadi fimbo zinyooke, na faida nyingi inapotea. Nati zikazwe kwa spana hadi ule umbali wa alama za senta panchi upungue kidogo kwenye venia. Utakuwa umepoteza uwazi wa mbele, na kwa bushi nyingi za springi huo uwazi wala hukuuhitaji.